Tatu Imeanguka: Sasa Usogeze Kete Ipi?

Dadu liligonga ukingo wa ubao, likayumba kidogo, likatulia. Tatu. Nilikuwa na kete tatu barabarani, na kila moja ilikuwa na shughuli yake na hiyo tatu. Ya mbele ingeingia kwenye mraba salama. Ya kati ingemla Kijani. Ya nyuma ingepanda kwenye nyota. Benchi zima likaanza kunichezea kwa midomo. "Kula! Unasubiri nini?" Mwenye ubao, fundi viatu ambaye hainui macho kutoka kwenye soli anayoishona, hakusema kitu.

Nikala. Kwa kula nikapewa kutupa tena, dadu likaleta moja, na moja hiyo haikunifaa kitu. Kijani akatupa nne, akanila kete ya mbele. Bluu naye akatupa nne, akaila ileile iliyokuwa imetoka kula. Zamu iliporudi kwangu nilikuwa nimepoteza hatua 60, na safari nzima ya kete moja kutoka mlangoni mpaka nyumbani ni hatua 56. Fundi akakata uzi kwa meno. "Mwanangu," akasema, "umehesabu mbele tu."

Bahati mbaya ilikuwepo, sikatai. Lakini watu wanaosema ludo ni bahati tupu wanasahau kwamba dadu linatoa namba, halichagui kete. Mtu ndiye anayechagua, na katika mchezo mmoja huchagua mara nyingi kuliko anavyodhani. Nitairudia tatu ile mwishoni mwa hesabu zangu. Kwanza tuitazame barabara yenyewe, kwa sababu wengi wetu tumeipita tangu utotoni bila kuipima.

Sheria za ludo hubadilika kutoka kijiwe hadi kijiwe, hivyo niseme ninazotumia hapa. Dadu ni moja. Kete hutoka kwa sita. Ukipata sita unatupa tena, ila sita ya tatu mfululizo inakuharibia zamu. Ukila unatupa tena. Ukiweza kusogea lazima usogee, na nyumbani huingii mpaka namba ikutoshe kamili. Miraba salama ni minane: milango minne ya kutokea na nyota nne. Hiyo minane ndiyo wanayoizoea wanaocheza kwenye simu, hasa tangu programu ya Ludo King ya kampuni ya Gametion ya India ilipotoka mwaka 2016. Ludo ya Kiingereza, ile iliyosajiliwa hataza kule Uingereza mwaka 1896, haikuwa na nyota barabarani. Ukishatoka uko wazi mpaka ukate kona ya nyumbani. Mzazi wake, pachisi ya India, alikuwa na miraba ya kujihifadhi, na badala ya dadu wachezaji walirusha makombe ya kauri na kuhesabu mangapi yameangukia tumbo na mangapi mgongo. Kauri ndogo kwa Kiswahili tunaiita kete. Kwa hiyo sisi tunaposogeza kete tunatamka jina la kitu ambacho wenzetu wa India walikuwa wanakirusha.

Sasa barabara. Hesabu mlango wako kuwa sifuri, kisha tembea. Ukifika hatua ya 8 uko kwenye nyota. Hatua ya 13 ni mlango wa jirani yako wa kwanza. Ya 21 ni nyota tena, ya 26 mlango wa anayekaa mkabala nawe, ya 34 nyota, ya 39 mlango wa jirani wa tatu, na ya 47 nyota ya mwisho. Baada ya hatua ya 50 unakata kona kuingia kwenye uchochoro wa rangi yako, ambako hakuna mwingine anayeweza kukugusa, na hatua ya 56 ndiyo nyumbani.

Tazama nafasi zilizo kati ya vituo hivyo: nane, tano, nane, tano, nane, tano, nane. Barabara ina vipande virefu na vifupi, na vinapokezana. Kutoka nyota hadi mlango unaofuata ni hatua tano, kwa hiyo tano moja inakuvusha bila kulala nje hata usiku mmoja. Lakini kutoka mlango hadi nyota inayofuata ni nane, na dadu halina nane. Usipopata sita ikifuatwa na mbili, lazima ulale uwanjani angalau mara moja. Na kipande hicho kirefu ndicho kinachoanzia mlangoni pa mtu, mahali ambapo kete mpya hutokea.

Mtu anayeelewa hilo huacha kuitazama tano kama namba kubwa tu. Akiwa na kete mbili, moja kwenye nyota na nyingine mlangoni, tano anampa aliye kwenye nyota. Kumpa aliye mlangoni ni kumtoa kwenye paa na kumpeleka hatua ya tano ya kipande cha nane, akabaki na tatu kamili za kungojea.

Hiyo ndiyo mbele. Fundi alinilaumu kwa nyuma.

Adui aliye nyuma yako kwa hatua moja ana namba moja tu ya kukula: moja. Aliye nyuma kwa hatua nne naye ana namba moja tu: nne. Aliye nyuma kwa sita, vivyo hivyo. Vijiweni utasikia watu wakisema ukimkalia mtu puani umesalimika, kwa sababu moja "haianguki". Inaanguka kama nyingine zote. Umbali wa moja, mbili, tatu, nne, tano na sita ni hatari ileile: mara moja kati ya sita.

Kinachobadilisha mambo ni hatua ya saba. Adui aliye nyuma kwa saba anahitaji sita, kisha moja. Hiyo ni mara moja kati ya 36. Kutoka umbali wa sita kwenda wa saba, hatari inashuka mara sita kwa hatua moja tu ya mguu, halafu inabaki hapo hadi umbali wa 12. Kukimbia kutoka umbali wa mbili hadi wa tano ni kutokwa jasho bure. Kukimbia kutoka wa sita hadi wa saba ni kupona. Ukiwa umebanwa, uliza swali moja: kuna kete gani ambayo namba niliyopata itaivusha mstari wa saba?

Kuna nyongeza ndogo. Adui akiwa bado ana kete ndani, sita yake haipotei: anaitoa kete mpya, anatupa tena, na ile ya zamani inapata nafasi ya pili ya kukuvizia. Hatari yake inapanda kutoka 6 kati ya 36 hadi kama 7 kati ya 36. Si tofauti ya kukukosesha usingizi.

Lakini watu huogopa kupita mlangoni pa mtu kuliko inavyostahili. Kete iliyo ndani haiwezi kukufikia mpaka itoke kwa sita na kisha ipate namba yako. Hiyo tena ni mara moja kati ya 36. Wa kuogopwa ni aliyekwisha kutoka na kusimama kwenye mlango wake. Kuna jambo jingine ambalo benchi langu lilikuwa halilijui kabisa. Kila rangi huacha barabara kuu miraba miwili kabla ya mlango wake yenyewe. Kete kongwe ya Njano, ikikaribia mlango wa Njano, inakata kona kwenda kwao. Haifiki kamwe upande wa pili wa mlango huo. Kwa hiyo ukishapita mlango wa Njano, kete zote za Njano zilizozunguka ubao na ziko nyuma yako hazina habari na wewe. Usizihesabu. Nimeona mtu akipoteza zamu nzima kumkimbia adui ambaye hatua mbili mbele alikuwa anageuka kwenda nyumbani.

Mpaka hapa tumepima uwezekano wa kuliwa. Kilichobaki ni bei.

Kete ikiliwa inapoteza kila hatua iliyotembea, na juu yake inarudi kungojea sita. Kwa hiyo kete mbili zilizo kwenye hatari sawa hazina hasara sawa. Iliyo hatua ya 4, ikiwa na adui mmoja nyuma, inahatarisha moja ya sita ya nne: hata hatua moja haifiki. Iliyo hatua ya 42, ikiwa na adui mmoja nyuma, inahatarisha moja ya sita ya 42, yaani hatua saba. Linganisha na dadu: namba kubwa kuliko zote ni sita. Maana yake, kuiacha kete kongwe nje mbele ya adui mmoja kwa zamu moja kunaweza kukugharimu, kwa wastani, zaidi ya sita uliyotupa.

Maadui wakiwa wawili, karibu uizidishe bei mara mbili. Kama ni kete mbili za mtu mmoja katika umbali tofauti, ana namba mbili za kukula, 12 kati ya 36. Kama ni watu wawili tofauti, ni 11 kati ya 36. Kwenye benchi, chukua theluthi na usonge mbele.

Kwenye kula, bei inageuka upande wako, lakini kwa makato. Kete ya adui uliyoila ina umri wake: aliyetoka jana amepoteza kidogo, aliyekuwa anakata kona amepoteza maisha. Ila kumbuka uko na watu watatu. Ukimrudisha mmoja, wawili waliobaki wamefaidika pia, tena bila kuhatarisha hata kete moja. Mimi, kwenye ubao wa watu wanne, huhesabu theluthi ya hasara yake kuwa faida yangu, isipokuwa kama huyo ndiye anayeongoza. Mkiwa wawili tu, hesabu yote. Kisha ongeza zawadi ya kutupa tena, ambayo wastani wake ni hatua tatu na nusu. Hii ni kanuni ya kijiweni, haikutoka darasani, ila inanisaidia kuliko kelele za benchi. Darasani nako wamejaribu: mwaka 2011 Faisal Alvi na Moataz Ahmed walichapisha uchambuzi wa ludo uliolinganisha wachezaji wa kompyuta wa aina nne, mla watu, mjilinzi, mwenye haraka na anayechagua ovyo, pamoja na wale wanaochanganya tabia hizo. Kila kijiwe kina wanne hao. Wa mwisho kwa kawaida anachat.

Turudi kwenye tatu yangu. Mimi ni Nyekundu. Kete ya mbele iko hatua ya 36, na hatua nne nyuma yake, kwenye 32, amesimama Kijani. Kete ya kati iko kwenye nyota ya 21. Mbele yake, kwenye 24, kuna Kijani mwingine, na huyo ndiye niliyeweza kumla. Nyuma ya hiyo 24 kuna Njano kwenye 22 na Bluu kwenye 20. Kete yangu ya tatu iko hatua ya 5. Ya nne iko ndani.

Tuanze na ile inayovutia macho kwa usafi wake: kuipeleka ya hatua ya 5 kwenye nyota ya 8. Hata adui awe nyuma yake, bei ya kete hiyo ni chini ya hatua moja. Nimeilinda shilingi na kuacha noti mezani. Hilo ni kosa la mtu anayependa kuona kete zake zikikaa vizuri.

Ya pili, kuipeleka ya 36 kwenye 39, mlango wa Bluu, ambao ni salama. Kabla ya hapo ilikuwa inahatarisha moja ya sita ya 36, yaani hatua sita. Sasa haihatarishi kitu. Ya kati imebaki kwenye nyota. Kilichobaki nje ni ile ya hatua ya 5, ambayo hata wakiila nitaendelea kunywa kahawa.

Ya tatu, kula. Kijani aliye kwenye 24 alitokea mlango wa 13, kwa hiyo amri yake ni hatua 11. Theluthi ya 11 ni kama nne. Ongeza tatu na nusu za zawadi: faida ni kama saba na kidogo. Gharama sasa. Kete yangu imetoka kwenye nyota na kusimama 24, ikiwa na watu wawili tofauti nyuma yake, Njano kwa hatua mbili na Bluu kwa hatua nne. Chukua 11 kati ya 36 ya 24: hatua saba na kitu. Na ile ya 36 bado iko nje na bei yake ya sita. Zawadi ingeokoa moja. Nikipata tatu, nne, tano au sita, ninaivusha ya mbele mstari wa saba. Nikipata mbili, ile ya kati inaingia mlango wa 26. Nikipata moja, siokoi yeyote. Ukichanganya matokeo hayo sita, wastani wa gharama ni kama hatua nane.

Saba na kidogo dhidi ya nane. Nilifanya biashara ya hasara, ingawa ndogo. Mtu angebishana nami kuhusu ile theluthi, na nisingegombana naye. Lakini ona jambo lenyewe: mlo mtamu ulionifanya niinuke kwenye kiti haukuwa na thamani hata ya kutembea tatu kimya kimya kuingia mlangoni. Na mwenzake ambaye singemla hakuwa anakimbia mbali. Nikibaki kwenye 21, bado yuko mbele yangu kwa hatua tatu, na zamu ijayo huenda nikampata tena.

Sasa badilisha kitu kimoja tu. Aliyesimama 24 si Kijani, ni Njano. Mlango wa Njano uko 26, kwa hiyo Njano aliye kwenye 24 ametembea hatua 50, mguu mmoja uko kwenye uchochoro wa kwao. Miraba ni ileile, hatari zangu ni zilezile nane. Theluthi ya 50 ni 17 hivi, pamoja na zawadi inafika 20. Hapo unakula bila kuuliza, na hata ukiliwa baadaye ulicheza sawa. Benchi lilipopiga kelele "kula" halikutazama rangi ya anayeliwa, na rangi ndiyo inayosema umri.

Niongeze tahadhari kwa wanaocheza dadu mbili, kama vijiwe vingi wafanyavyo, ambako unaweza kutumia kila dadu peke yake au kuzijumlisha. Huko habari ya "moja hadi sita ni sawa" haifanyi kazi. Adui aliye nyuma kwa moja anakupata mara 11 kati ya 36. Aliye nyuma kwa sita anakupata mara 16 kati ya 36, kwa sababu ana sita yenyewe, ana moja na tano, mbili na nne, na tatu mbili. Umbali wa sita ndio mbaya kuliko wote. Saba inashuka hadi 6 kati ya 36. Mstari uko palepale, ila kabla ya kuufikia mteremko unapanda.

Nimebakiza ukuta. Kete mbili za rangi moja zikikaa mraba mmoja, adui hapiti wala hatui hapo. Si kila mahali wanaikubali sheria hii, na baadhi ya programu za simu haina kabisa, kwa hiyo uliza kabla ya kutupa dadu la kwanza. Magomvi mengi niliyoshuhudia yalianzia hapo.

Nguvu ya ukuta iko kwenye miraba sita iliyo nyuma yake. Adui aliye nyuma ya ukuta kwa hatua moja hana namba hata moja ya kutembeza kete hiyo. Aliye nyuma kwa nne ana moja, mbili na tatu, basi. Aliye nyuma kwa sita amefungiwa sita tu. Kwa hiyo kila mtu anatamani kujenga hatua moja mbele ya mlango wa mtu. Chukua Njano: mlango wake ni 26 kwenye hesabu yangu, nikajenga 27. Kila kete anayoitoa inaganda mlangoni. Raha gani!

Raha hiyo ina tarehe ya mwisho. Nina wajibu wa kusogea kila dadu linaponiruhusu, na kete zinazounda ukuta ni mbili kati ya nne zangu. Lazima kuwe na kete nyingine ya kulisha dadu, tuiite ya akiba. Ikiwa ya akiba iko hatua ya 5, ina barabara ndefu mbele na ukuta utasimama zamu nyingi. Sasa fikiria ya nne imeshafika nyumbani na ya akiba iko hatua ya 54, uchochoroni. Inahitaji mbili kufika. Moja na mbili inazipokea. Tatu, nne, tano na sita haina pa kuzipeleka. Mara nne kati ya sita nitaubomoa ukuta wangu kwa mkono wangu. Dalili ya kosa hili huonekana mapema: mtu mwenye ukuta anaikimbiza kete yake ya tatu kwenda nyumbani kwa furaha, zamu baada ya zamu, mpaka inaingia uchochoroni. Kila hatua aliyoikimbiza ilikuwa tofali.

Na unapobomoka, unabomokea wapi? Rudi kwenye nafasi za nane na tano. Kutoka 27 hadi nyota ya 34 ni hatua saba. Hakuna namba moja ya dadu inayoifikia. Nikitupa nne, kete moja inakwenda 31, nyingine inabaki 27: ya kwanza iko hatua tano mbele ya mlango wa Njano, ya pili hatua moja, na pale mlangoni Njano amekusanya kete na hasira za zamu nyingi. Anakuwa na namba mbili za kunila. Ndiyo sababu fundi hujenga 28 au 29, ambako ukuta unabana kidogo kuliko ule wa 27, ila sita au tano inamtoa mmoja moja kwa moja hadi kwenye nyota. Akipata namba hiyo anaondoka. Asipoipata analisha ya akiba na kungoja. Ukuta wa mlangoni kabisa nauona ukijengwa na vijana, na mimi nilikuwa mmoja wao.

Sita nayo ina maswali yake, ingawa mengi yana jibu moja: toa kete. Ukisubiri sita kwa kutupa mara sita, theluthi ya watu bado hawajaiona, kwa hiyo ikija usiitumie kutembea tu. Tena mwenye kete moja nje hana la kuchagua, dadu linamcheza. Naiacha kanuni hiyo pale sita inapokula kete kongwe, au inapoivusha kongwe yangu mstari wa saba, au inapoangukia nyumbani kamili kutoka hatua ya 50.

Kipande cha mwisho kina tabia yake. Kutoka nyota ya 47, nne, tano na sita zinakuingiza uchochoroni. Moja, mbili na tatu zinakuacha 48, 49 au 50, miraba mitatu iliyo wazi, na kete yako ikiwa ghali kuliko wakati wowote: kila adui mmoja nyuma ndani ya sita ni hasara ya hatua nane na zaidi. Hapo kete hubaki kwenye nyota na namba ndogo zinapelekwa kwingine, mradi kuwe na kwingine. Mtu aliyekimbiza kete moja peke yake toka mwanzo hufika 47 akiwa hana mwenzake barabarani, anapata mbili, na lazima atoke.

Jumamosi iliyopita fundi alikuwa na kete kwenye 47, Kijani akiwa hatua mbili nyuma yake, na nyingine changa kwenye hatua ya 3 ambayo Bluu alikuwa anaivizia. Akatupa mbili. Benchi likamwambia asogeze ya mbele, imebaki kidogo. Akasogeza changa hadi 5. Bluu akatupa namba yake, akaila, benchi likacheka na kupigana mikono. Fundi alirudisha kete ndani, akaokota kiatu, akatafuta tundu la sindano. Alikuwa amelipa hatua tano.